Mistari Mitano Chini ya Shairi

Jarida la fasihi linapochapisha shairi, chini yake au kwenye kurasa za mwisho za toleo huwekwa mistari michache inayomhusu mtunzi: ni nani, ametoka wapi, amechapisha nini, na hutunga mashairi ya namna gani. Wahariri wengi huomba maneno kati ya 50 na 100, yaandikwe kana kwamba ni mtu mwingine anayemzungumzia mtunzi. Ni kazi ya nusu saa, na pengine ndiyo sababu huachwa hadi siku ya mwisho, ikaandikwa harakaharaka. Lakini msomaji akikutana na jina asilolijua, mara nyingi huanza na hiyo mistari kabla hajaligusa shairi lenyewe. Akikuta humo "nguli", "gwiji", "mashuhuri" na "mwenye kipaji cha pekee", anarudi kwenye shairi bila kujua lolote ambalo hakulijua mwanzo.

Kosa la sifa za namna hiyo si kwamba ni za uongo. Huenda mshairi ni gwiji kweli. Kosa lake ni kwamba hazimhusu yeye peke yake. Jaribu hivi: futa jina la mshairi, weka la mwingine, kisha soma tena. Sentensi isemayo "mashairi yake yamegusa nyoyo za wengi" itamkubali mtu yeyote aliyewahi kushika kalamu. Isemayo "diwani yake ya kwanza ilitoka Nairobi mwaka 1973" itamkataa karibu kila mtu isipokuwa wachache. Ile inayowakataa wengine ndiyo yenye thamani katika mistari mitano.

Waswahili hawakuanza leo kutia taarifa za mtunzi kwenye utungo. Watunzi wa tenzi wa zamani walikuwa na desturi ya kuzitia katika beti za mwisho: nani katunga, ni wa ukoo gani au hali gani, beti ni ngapi, na kazi imekamilika lini. Utendi wa Mwana Kupona, ambao bibi huyo wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858, unafunga kwa namna hiyo. Mwishoni mwake kuna mwaka wa Hijria, 1275, uliotajwa kwa maneno ya hesabu ndani ya ubeti, na mtunzi amejitaja kwa hali yake ya upweke bila kujikweza. Taarifa hizo zilikuwa na kazi. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, ukatoka nyumba moja hadi nyingine, na anayenakili angeweza kuacha beti au kuongeza zake. Idadi ya beti ilimwezesha msomaji kujua kama nakala imetimia, na mwaka ulimwezesha kujua utungo ni wa zama zipi. Mtunzi aliandika kile ambacho mtu angeweza kukihakiki.

Magazeti yalipokuja, kuanzia Mambo Leo lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, washairi walitia saini kwa jina au kwa lakabu, wakataja mji wao na mara nyingi sanduku lao la posta. Hapo palikuwa na sababu nyingine: malenga wa Tanga alipotupa swali kwenye ukurasa wa mashairi, wa Kigoma alitaka kujua anamjibu nani na yuko wapi. Lakabu zilikuwa za kujitapa wakati mwingine, na hilo halikumkera mtu, kwa kuwa majibizano yenyewe yalihitaji tambo. Jarida la fasihi la leo si uwanja wa majibizano. Msomaji wake anataka kujua akasome wapi zaidi, na aingie na sikio la namna gani katika shairi lililo mbele yake.

Hayo mawili, kusoma wapi na kusikiliza vipi, ndiyo mwili mzima wa wasifu mfupi. Njia nzuri ya kuyaona ni kumchukua mshairi mmoja ambaye maisha na vitabu vyake vinajulikana, tukaandika mistari yake mitano kwa makosa, kisha tukaiandika upya. Namchukua Abdilatif Abdalla, kwa sababu yeye ni mgumu: ana mengi ya kusemwa, na kishawishi cha kumsifu ni kikubwa.

Huu hapa ni wasifu wa namna inayotumwa kila siku kwa wahariri. Nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya mfano:

"Abdilatif Abdalla ni gwiji na nguli wa ushairi wa Kiswahili aliyezaliwa na kukulia katika mji wa kihistoria wa Mombasa. Ni malenga asiye na mfano, aliyeandika vitabu vingi vinavyopendwa kila pembe ya dunia. Mashairi yake, yenye hisia kali na ujumbe mzito, yamegusa nyoyo za wengi. Ameshinda tuzo mbalimbali na kufanya kazi katika taasisi kubwa za kimataifa."

Ukiusoma kwa sauti unapita vizuri. Sasa uulize maswali. Vitabu vingi, vipi? Msomaji aliyevutiwa akienda maktaba leo aulize nini? Hakuna hata jina moja la kitabu. Na ukweli ni kwamba jina lake kama mtunzi linasimama juu ya kazi chache: Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa wa mwaka 1971, na Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973, zote mbili zikiwa zimechapishwa na Oxford University Press. Kusema "vingi" kunamwonyesha mshairi kana kwamba uzito wake uko kwenye wingi, na kumbe diwani moja ilitosha kumweka alipo. Wasifu uliomkweza ndio uliompunguzia hadhi.

"Tuzo mbalimbali" nayo imeficha jambo kubwa. Sauti ya Dhiki ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Mashairi yake yalitungwa gerezani, na aliyekuwa rais wakati mtunzi anafungwa ni Jomo Kenyatta mwenyewe. Hapo hapahitajiki neno "ajabu". Taja tuzo kwa jina, taja mwaka, taja kifungo kwenye sentensi hiyo hiyo, msomaji ataona mwenyewe. Aliyeandika "tuzo mbalimbali" alikuwa na jambo zito mkononi akaliacha, akaweka wingi usio na kitu ndani yake.

"Taasisi kubwa za kimataifa" ni maneno ya barua ya kuombea kazi. Abdilatif alitoka gerezani mwaka 1972 akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baadaye akawa BBC London, akahariri jarida la Africa Events, kisha kuanzia miaka ya tisini akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig hadi alipostaafu mwaka 2011. Kila mojawapo ina maana yake, lakini mistari mitano haiwezi kubeba zote. Mwandishi wa wasifu anachagua, na anachagua kwa kutazama shairi lililo kwenye toleo. Kama shairi lililochapishwa ni la ugenini, Leipzig na London zina haki ya kuwamo. Kama ni la siasa za Kenya, kifungo kinatangulia. Kama jarida limetoa toleo la washairi wa Pemba, litajwe jambo ambalo kwenye wasifu mwingine ungeliacha: yeye ndiye mhariri wa Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kinachowahusu Kamange na Sarahani, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2011.

Tuseme jarida linachapisha shairi lake la zamani la siasa. Wasifu wake ungeweza kuwa hivi:

"Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa ulichapishwa mwaka 1971, akiwa kifungoni. Mashairi ya Sauti ya Dhiki (Oxford University Press, 1973) aliyatunga gerezani, alikofungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa uitwao Kenya: Twendapi?; diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Hutunga kwa lafudhi na msamiati wa Kimvita, kwa vina na mizani, na huyasema mambo ya utawala kwa mafumbo ya mnyama, jipu au mnazi. Amefundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig."

Hauna sifa hata moja, na mshairi ametoka mkubwa kuliko kwenye ule wa kwanza. Tazama pia lililoachwa. Inajulikana kwamba mashairi hayo aliyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa gerezani kwa siri. Ni jambo la kweli, na kwenye makala ndefu ningeliandika bila kusita. Kwenye mistari mitano ningeliacha, kwa sababu ni zito mno kwa nafasi hiyo: msomaji atabaki na karatasi, asibaki na shairi. Mwingine anaweza kuamua tofauti. Ninachokataa ni kuliweka kwa ajili ya kumshtua msomaji tu. Vivyo hivyo ningeacha kutaja kwamba yeye na Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita, ni ndugu, isipokuwa toleo lenyewe linahusu ushairi wa Mombasa au familia hiyo.

Sentensi ngumu kuliko zote katika wasifu huo ni ile ya nne, inayohusu sauti ya mshairi. Nyingine ni za kumbukumbu, hii ni ya usomaji. Ndipo wengi wanapoteleza wakarudi kwenye "hisia kali" na "ujumbe mzito", kwa sababu hawakufungua diwani kabla ya kuandika. Sauti haielezwi kwa kusema inavyomgusa msikilizaji. Huelezwa kwa kusema mshairi anafanya nini. Yako mambo ambayo yeyote mwenye shairi mkononi anaweza kuyaona. Umbo lake ni lipi: ni utenzi, ni tarbia yenye vina vya kati na vya mwisho, ni shairi huru? Lugha yake ni ya wapi: ni Kimvita, Kiamu, Kitumbatu, ni Kiswahili sanifu, ni lugha ya vijiwe vya mjini? Anayesema ndani ya shairi ni nani, na anasema na nani? Na anashika mambo gani ya dunia kuyafanya mafumbo?

Kwa Abdilatif majibu yote yako wazi ndani ya Sauti ya Dhiki. Shairi la "Mamba" lina mamba, "Jipu" lina jipu, na katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" watu wawili wanagombea mnazi kwa kujibizana. Mwenye kuyasoma akikumbuka yametungwa na mfungwa wa kisiasa, anaelewa mnazi ni wa nani na wanaougombea ni kina nani. Kwa hiyo nikisema kwamba huyasema mambo ya utawala kwa mafumbo ya mnyama, jipu au mnazi, sikumsifu wala sikumfasiria msomaji shairi. Nimemwambia atege sikio upande gani. Na akifungua kitabu atakuta nilichosema kimo. Hicho ndicho kipimo cha sentensi ya sauti: je, msomaji anaweza kukikuta kwenye mashairi? Kama hawezi, hiyo ni sifa iliyovaa nguo za uchambuzi.

Mlinganishe na Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki Dar es Salaam mwezi Januari 2020. Diwani zake ni tatu, Kichomi ya 1974, Karibu Ndani ya 1988 na Dhifa ya 2008. Sentensi ya sauti yake haiwezi kufanana kabisa na ile ya Abdilatif. Yeye aliacha vina na mizani kwa makusudi, akatumia lugha iliyo karibu na mazungumzo ya kawaida, akauliza maswali ya maisha na kifo, na baadaye ya siasa za nchi iliyochoka, kwa mistari mifupi isiyolingana. Zikisomwa sentensi hizo mbili pamoja, mtu asiyewahi kuwasoma washairi hawa anajua kwamba atakutana na vitu viwili tofauti. Ukiandika kwamba wote wawili ni "nguli wenye ujumbe mzito", umewafanya mtu mmoja.

Kwa Kezilahabi kuna mtego mwingine, neno "wa kwanza". Mara nyingi huandikwa kuwa ndiye mwanzilishi wa mashairi huru ya Kiswahili. Kichomi iliwasha mjadala mkali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, na nafasi yake katika mjadala huo haina shaka. Lakini miaka hiyo hiyo Ebrahim Hussein naye alikuwa akiandika mashairi yasiyofuata vina. Mwenye kuandika "wa kwanza" amejitwisha mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuna mwingine aliyetangulia, popote, hata kwenye jarida dogo la chuo. Mistari mitano haina nafasi ya kuuthibitisha. Andika "Kichomi, mojawapo ya diwani za mwanzo za mashairi huru ya Kiswahili", nawe utakuwa umesema kweli, na mshairi hajapoteza kitu.

Makosa ya vitabu na miaka yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayodumu. Mwanafunzi ananakili wasifu kutoka jaridani kwenda kwenye tasnifu yake, mwingine ananakili kutoka kwenye tasnifu, na baada ya muda mwaka wa makosa unatajwa kila mahali. Chanzo cha kawaida ni kuangalia jalada badala ya ukurasa wa hakimiliki. Kitabu kilichotoka 1973 na kupigwa chapa tena miaka mingi baadaye kina miaka miwili au zaidi ndani yake, na kwenye wasifu unaotakiwa ni wa toleo la kwanza. Taasisi nazo hubadili majina. Vitabu vingi vya ushairi vilitolewa na TUKI, ambayo tangu 2009 imeunganishwa katika TATAKI. Kitabu kilichotolewa na TUKI kinabaki cha TUKI, kama kilivyoandikwa.

Kitenzi nacho kinataka uangalifu. Malenga wa Mvita, iliyotolewa na Oxford mwaka 1971, ni diwani ya Ahmad Nassir, na mhariri wake ni Shihabuddin Chiraghdin. Kwenye wasifu wa Ahmad Nassir kitenzi ni "alitunga", kwenye wa Chiraghdin ni "alihariri". "Ana kitabu" au "ametoa kitabu" ni maneno ya kulegeza, na hapo ndipo mhariri anapogeuka mtunzi bila mtu kukusudia. Katika familia hiyo hiyo ya ushairi wa Mombasa kuna kosa jingine la kuogopwa. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi, si Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, ingawa ni jamaa na mwimbaji aliimba tungo nyingi za mtunzi. Anayeandika "Bhalo" peke yake, akamchanganyia mmoja nyimbo na mwingine vitabu, amewadhulumu wote wawili. Jina liandikwe kamili, jinsi lilivyo kwenye kitabu.

Jina lina jambo la heshima pia. Kwetu hatumwiti mtu mzima kwa jina tupu, na katika hafla ya mashairi anayemkaribisha malenga jukwaani lazima amtangulizie neno: Mwalimu, Ustadh, Sheikh, Mzee, Profesa. Mwenye kuandika wasifu anaona akiyaacha hayo amekosa adabu, na nadhani sehemu kubwa ya "gwiji" na "nguli" inatoka hapo. Ni heshima ya jukwaani iliyohamishiwa kwenye karatasi. Desturi ya magazeti mengi ni kuacha cheo, na inafaa, kwa kuwa inawaweka wote sawa, mwanafunzi na profesa. Lakini si kila cheo ni pambo. Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, imamu na mshairi, anajulikana kwa watu wake kama Ustadh Mahmoud Mau, na mashairi yake yameandikwa kuwaasa watu wa mji wake. Ukimwondolea "Ustadh" umemwondolea jina ambalo wasomaji wake wanamjua kwalo, na umeificha kazi inayoeleza kwa nini anatunga anavyotunga. Swali la kujiuliza ni moja: neno hili ni sehemu ya jina, au ni adabu yangu mimi?

Tuzo zina lugha yake. Tuzo nyingi huwa na orodha ndefu ya waliopita mchujo wa kwanza, orodha fupi ya waliobaki, kisha washindi, na wakati mwingine washindi ni zaidi ya mmoja kwa ngazi. Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa Pemba aliyekuwa mwandishi wa habari Ujerumani, alishinda kwa upande wa ushairi Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2015 kwa mswada wa N'na Kwetu. Hiyo ni sentensi kamili: tuzo gani, fungu gani, mwaka gani, kwa kazi gani. Aliyefika orodha fupi aandike kwamba alifika orodha fupi. Ni jambo la heshima tena la kuhakikika, na anayeandika "mshindi" mahali pake atagunduliwa na mtu wa kwanza atakayetafuta majina ya washindi. Kitabu chake kizuri hakitamwokoa.

Wanaoniuliza zaidi kuhusu wasifu si wenye diwani. Ni wale ambao hawajatoa kitu, au wana mashairi mawili matatu magazetini. Wanaona hawana la kuandika, kwa hiyo wanaandika ndoto: "anatarajia kuchapisha diwani yake hivi karibuni", "ni mshairi chipukizi mwenye maono makubwa". Diwani inayotarajiwa haisomeki. Mpaka mchapishaji ameikubali na amesema itatoka lini, isiwekwe. Na "chipukizi" ni neno ambalo mtu hukaa nalo miaka ishirini, akiwa na mvi, kwa sababu hakuna anayejua linakoma lini.

Chukua mwalimu wa shule ya msingi wa Pangani, ambaye shairi lake la kwanza limekubaliwa na jarida. Wasifu wake unaweza kuwa: "Ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Pangani, mkoa wa Tanga. Hutunga tarbia zenye mizani kumi na sita, mara nyingi kwa sauti ya wanawake wa sokoni na wavuvi wanaojibizana. Hili ni shairi lake la kwanza kuchapishwa." Yametimia. Sentensi ya mwisho, ambayo wengi wangeificha, ndiyo inayomfanya msomaji makini asimame, kwa kuwa anajua yumo miongoni mwa wa kwanza kumsoma mtu huyu. Na sentensi ya kati haikuhitaji kitabu hata kimoja; ilihitaji mwalimu ayasome mashairi yake mwenyewe kwa jicho la mtu mwingine, aone kwamba ndani yake watu hujibizana kila mara. Wengi hulijua jambo hilo siku ile wanapolazimika kuliandika.

Kazi ya kujipatia riziki itajwe ikiwa inagusa mashairi au inamweka mtu mahali. Mwalimu, mvuvi, muuguzi, fundi seremala, mtangazaji: kila mmoja ana lugha yake ya kazi, na mara nyingi lugha hiyo huingia kwenye shairi. Shahada tatu na semina tano haziingii. Idadi ya watoto, simu na anwani ya nyumbani, jina la mume au mke, hayo ni ya mtu mwenyewe, na siku hizi yana hatari zake. Mkoa au mji unatosha.

Wahariri nao wana lao. Mara nyingi wasifu mbovu hutoka kwenye ofisi ya jarida, si kwa mshairi: mhariri alipokosa taarifa alijaza pengo kwa sifa. Akikosa taarifa aandike mbili alizo na uhakika nazo aache nafasi tupu. Na kabla ya kuchapa, ampelekee mshairi mistari hiyo aisome, hasa jina, mwaka na majina ya vitabu. Kama mshairi ameshafariki, atafute vitabu vyenyewe avifungue ukurasa wa hakimiliki, asitegemee wasifu uliochapishwa na mwenzake.

Kwa hiyo wewe unayetunga, usisubiri jarida likuombe. Andika wasifu wako leo, wa maneno 60, weka ndani yake majina kamili ya kazi zako na miaka yake, na sentensi moja tu inayosema mashairi yako yanafanya nini. Mpe mtu aliyeyasoma mashairi yako, umuulize kama sentensi hiyo ni kweli. Kisha uufungue tena kila mwaka, kwa kuwa kitabu kipya kitataka nafasi, na kitu cha zamani kitabidi kitoke.